Naomba ushauri: kupanga kumbukumbu za dharura kwa saa kabla ya kukabidhi mgonjwa wodini

Ndugu wauguzi na madaktari, naomba ushauri wenu kuhusu jambo linalonisumbua tangu zamu yangu ya juzi usiku.

Tulimpokea mgonjwa mwenye malaria kali. Karatasi ya triaji iliandikwa kwa mfumo wa saa 24, 21:10, lakini aliyemchoma dozi ya kwanza ya atesuneti aliandika "3:40" tu, akimaanisha saa tatu na dakika arobaini usiku. Mgonjwa alipopelekwa wodini alfajiri, wenzetu waliisoma kuwa 03:40, wakapanga dozi ya pili, ambayo hutakiwa baada ya saa 12, iwe 15:40 badala ya 09:40. Nashukuru muuguzi wa asubuhi alishtuka na kutupigia simu, la sivyo dozi ingechelewa saa sita.

Sasa, ninapokusanya kumbukumbu, naandika upya kila tukio kwa saa 24, nikifuata wakati lilipotokea na si lilipoandikwa. Ugumu uko kwenye maelezo yaliyoandikwa baadaye. Glukosi ya mgonjwa huyu ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita, akapewa dekstrozi, kisha kipimo cha pili kikasoma 6.8; lakini kipimo cha kwanza hakikuwa na saa kabisa.

Je, tukio la namna hiyo niliweke kwa kukisia, kwa mfano "kabla ya dekstrozi, saa haikuandikwa", au nilitenge chini ya orodha? Na ninyi huandika saa mbili, ya tukio na ya kuandika?