Tupeane uzoefu: kipini na hereni kwenye picha rasmi, mlitoa au mliacha?

MamaSalha
Habari za jioni wapendwa. Naanza na langu. Mama yetu ametangulia mbele ya haki miezi miwili iliyopita, na tunatafuta picha moja ya kutundika sebuleni na kuwagawia wajukuu. Iliyotoka vizuri kuliko zote alipigwa harusini kwa binamu yetu: ana kipini puani, na hereni ndefu zilizoshuka mpaka shingoni. Kaka yangu mkubwa anataka vyote viondolewe ili picha iwe rasmi. Hereni sina neno nazo, za kuazima zile. Kipini nimekataa. Mama alitogwa pua akiwa msichana, na sijawahi kumwona hata siku moja bila kipini.

Kijana mmoja wa duka la kuchapa picha alijaribu kukifuta. Pakabaki alama nyeusi pembeni ya pua, utadhani chunjua, na pua yenyewe ikawa laini kama ya mdoli. Nililia pale pale dukani. Waliopitia hili waniambie waliamuaje, na hereni zinatolewaje bila kuharibu shingo.

Baraka_88
Pole sana dada. Mimi ninavyojua picha rasmi ni marufuku hereni na kipini, iwe pasipoti, iwe viza. Kwa hiyo kaka yako yuko sahihi, futa tu.

Zainabu wa Kisauni
Baraka, hapo umechanganya, na mimi hilo limenigharimu. Nilipiga picha ya viza ya Marekani nikiwa na kipini. Mpiga picha akanishauri akifute kwenye kompyuta. Ombi likasimama, nikatakiwa kuleta picha nyingine. Kusoma masharti yao vizuri ndipo nikaona kwamba vito vya usoni havikatazwi, mradi visifiche uso. Kinachokatazwa ni kuibadilisha picha kwa programu ya kompyuta. Nikarudia na kipini changu puani, ikapita.

Nuru_K
Cha kutoa mbona rahisi. Osha mikono, loweka pua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka sabuni laini, halafu kizungushe taratibu kufuata mkunjo wa mguu wake. Kama kimepinda kwa ndani usikivute moja kwa moja, kitachana. Na kama umetogwa hivi karibuni usikitoe kabisa, tundu linaziba upesi.

MamaSalha
Ahsante Nuru, ila nazungumzia kukifuta kwenye picha. Mwenyewe hayupo tena.

Nuru_K
Nisamehe dada yangu, nilisoma kichwa cha habari tu. Mungu amrehemu mama.

Fundi wa Studio
Pole dada, Mungu amlaze pema. Maneno ya Nuru yana mahali pake: kwa picha ya kitambulisho, pasipoti au viza, mtu akitaka kipini kisionekane anakitoa mwilini kabla hajapigwa, basi. Kufuta baadaye ni kwa picha ambazo haziendi kuhakikiwa sura na mtu: mahafali, wasifu wa kazi, ukutani. Hata hizo nafanya akikubali mwenye sura. Asipokuwepo, nauliza kitu kimoja: alikivaa kila siku au siku ile tu? Cha kila siku ni sura yake, nakiacha. Kwa hiyo kipini cha mama kiacheni.

Nieleze lile doa, maana hata mafundi wanalikosea. Kipini kwenye picha ni vitu vitatu: kichwa kinachong'aa, kivuli chake upande usio na mwanga, na kibonyo cha ngozi. Kijana alifuta kichwa akasahau kivuli, ndiyo ile chunjua. Na ulaini umetokana na brashi kubwa.

Sasa hereni. Mwezi huu nimefanya picha inayofanana na yako, hereni imeanzia kwenye ndewe, imepita juu ya ukingo wa taya, imeishia shingoni. Ninatumia Photoshop. Kwanza natengeneza leya mpya tupu juu ya picha, nachagua Clone Stamp, brashi inayonakili ngozi ya mahali pengine, na kwenye Sample naweka Current & Below. Hapo picha ya asili haiguswi, nikikosea nafuta leya tu.

Kazi ngumu ni pale hereni inapokatiza taya. Taya ina mwanga, shingo iko kivulini, na ukipiga brashi ovyo vinachanganyika, taya inayeyuka. Kwa hiyo nazungushia shingo peke yake kwa Lasso, mstari wangu ukifuata taya kama ingeendelea chini ya hereni, na Feather, yaani ulaini wa ukingo, ya pikseli 1. Nashika Alt, nachukua ngozi ya shingo iliyo jirani kabisa, napiga. Halafu nageuza uteuzi kwa Select > Inverse na kujaza upande wa taya kwa ngozi ya taya. Ukingo unabaki mkali kama Mungu alivyouweka.

Healing Brush, ile inayochanganya rangi na ngozi ya jirani, naileta mwisho, katikati ya ngozi tu. Ukiipeleka ukingoni inavuta rangi ya upande wa pili, unapata ukungu mchafu.

Kisha natafuta vilivyobaki. Hereni ina kivuli chake shingoni, mara nyingi mbali nayo kidogo, na dhahabu hutupa umanjano chini ya taya. Kivuli nakiondoa kwa Clone Stamp. Umanjano naufunika kwenye leya nyingine niliyoiwekea blend mode ya Color, kwa rangi ya ngozi jirani, brashi hafifu ya asilimia 20 hivi. Wengi wanafuta hereni vizuri kabisa, kisha kivuli kinaning'inia chenyewe bila mwenyewe.

Musa Simu Tu
Fundi, mimi sina kompyuta. Snapseed kuna Healing, nilifuta kistadi cha sikio kwenye picha ya kuombea kazi kikatoka safi.

Fundi wa Studio
Kistadi katikati ya ndewe, sawa, kuza mpaka kijaze kioo kisha gusa mara moja moja. Hereni ya kukatiza taya usijaribu, ile haikupi nafasi ya kuchagua ngozi ichukuliwe wapi.

Zainabu wa Kisauni
Na tundu la ndewe je? Bibi zetu matundu yamevutika, hereni ikitoka linabaki wazi.

Fundi wa Studio
Swali zuri. Mimi huliacha, nasafisha ukingo wake tu. Ndewe ya mtu mzima isiyo na tundu inashtua wanaomjua. Wapo mafundi wenzangu wanaoliziba kabisa, tumebishana sana. Wengine hunakili sikio la pili na kuligeuza, nalo linafaa kama mwanga umepiga sawa pande zote, jambo ambalo kwenye picha ya harusini ni nadra.

Baraka_88
Nimeelewa Zainabu, nilichanganya. Ila mimi bado naona hereni zingebaki tu, mama alipendeza siku ile.

MamaSalha
Nimemsomea kaka yote haya kwa simu. Kipini amekubali kibaki. Hereni zinatoka, kesho napeleka picha kwa fundi mwingine na nitamwonyesha kile kivuli cha shingoni kabla hajaanza. Tundu hatujaafikiana, yeye anataka lizibwe, mimi nakumbuka mama akipitisha uzi mwekundu pale kila alipovua hereni, ili lisizibe.