Naomba ushauri: jedwali la Nash, safu nifute au nisifute?

Wakuu habari, niko Bagamoyo tunabishana na mwenzangu. Wachuuzi wawili wa samaki, kila mmoja aagize barafu au asiagize, gari linakuja wakiagiza wote tu, hapo kila mtu anapata 10, vinginevyo 0 kwa 0 na hela inarudishwa. Mwenzangu anasema kuagiza kunatawala so anafuta "asiagize", jibu moja basi. Mi nikikagua kila chumba naona hata wote wasipoagiza ni usawa wa Nash, maana ukibadili peke yako bado 0! Naona kufuta ni salama pale tu mkakati unapozidiwa kabisa kila safu, ukilingana mahali unaweza kupoteza jibu. Sasa swali likitaka usawa wote, jedwali la 3x3, mnakaguaje haraka?