Studio imeniambia "gari halishikiki" na kunidai cheti ambacho tangazo lilisema si lazima!

Konda wa Kayole:
Wadau, nina hasira. Studio moja ya gemu hapa Nairobi ilitangaza kazi: cheti si lazima, leta barua ya maombi na kazi zako. Mimi nimejifundisha kutengeneza gemu kwa Godot mwenyewe, usiku, kwa laptopu ya mtumba. Nikatuma barua na prototaipu tatu. Ninayoionea fahari ni ya matatu: unakwepa mashimo Barabara ya Jogoo huku ukiokota abiria. Nimeicheza hadi vidole vikauma na mashimo yanakwepeka. Jana wamenijibu mstari mmoja: "Gari halishikiki. Jaribu tena ukipata cheti." Halishikiki vipi? Na hicho cheti kimetokea wapi? Nimekesha wiki tatu, hata kuniambia kosa liko wapi wameshindwa!

Mama Pikseli:
Pole, mdogo wangu. Kwa cheti wamekukosea. Kwa gari, hebu bandika mistari inayolisogeza.

Konda wa Kayole:
```
func _process(delta):
    position.x += 4
```

Mama Pikseli:
Basi huenda wamesema kweli. Gari lako linasonga pikseli 4 kila fremu. Skrini yako ikiwa ya 60 Hz, yaani fremu 60 kwa sekunde, hizo ni pikseli 240 kwa sekunde. Mwenye skrini ya 144 Hz anapata 576, na shimo linamfikia kabla hajabonyeza kitu. Andika `position.x += 240 * delta`; delta ni sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia, kwa hiyo mwendo utakuwa mmoja kila mahali.

Fundi wa Umoja:
Mbona mnajichosha? Weka `Engine.max_fps = 60`, kwisha.

Mama Pikseli:
Hiyo inazuia kasi isipande, basi. Kwenye simu dhaifu inayotoa fremu 30, gari bado litatambaa kwa 120. Ila kwa kupimia inafaa. Konda, weka 30 kwenye msimbo wako wa zamani uone.

Achi:
Mimi niliomba uhasibu, barua ya kurasa tatu, kimya hadi leo. Kwani hizi barua ni za Kiingereza au Kiswahili?

Konda wa Kayole:
Nimeweka 30, matatu ikatambaa nusu ya mwendo. Kosa ni langu, nimesharekebisha. La cheti silimezi.

Mama Pikseli:
Barua yako inaanzaje?

Konda wa Kayole:
"Mimi ni kijana mwenye bidii na moyo wa kujituma."

Mama Pikseli:
Futa. Sentensi ya kwanza iwe linki ya matatu. Ya pili useme gari lilikuwa linafuata kasi ya skrini, uligunduaje, na umebadilisha mstari gani. Prototaipu mbili zilizobaki zipime vivyo hivyo kabla hujazituma.

Fundi wa Umoja:
Usithubutu! Nani anaomba kazi kwa kutaja makosa yake? Watakutupa.

Konda wa Kayole:
Fundi, gari wameshaliona likiwashinda, nifiche nini? Natuma tena kesho. Na tangazo lao nitalinukuu humo humo, wanijibu la cheti kwa maandishi.