Naomba ushauri: choo kimefunga, nina dawa tatu mezani, na kesho usiku nasafiri

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Hamjambo wanajukwaa. Tangu Jumapili sijapata choo cha maana, na leo ni Alhamisi jioni. Kesho usiku napanda basi kwenda Bungoma, ambako Jumamosi tunapeleka mahari ya mpwa wangu, na mimi ndiye msemaji wa upande wetu. Tumbo limejaa, hamu ya chakula imepotea, na kila nikienda msalani narudi kama nilivyokwenda. Jumatatu nilinunua unga wa isabgoli, nikawa nakunywa kijiko kimoja kwa chai kabla ya kulala, na tangu jana nimeongeza vikawa viwili. Katika duka la dawa nimeuziwa pia chupa ya laktulosi ambayo bado sijaifungua, na shemeji ameniletea mafuta ya nyonyo. Ninalouliza ni moja tu: kati ya hizi tatu, ipi ina nguvu zaidi, ili niinywe kesho kabla ya kupanda basi?

Mama Pacha (Kisumu)
Pole sana, ndugu yangu. Nilipokuwa mjamzito, vidonge vya madini ya chuma vilinifunga choo hadi nikalia, na kliniki wakanipa hiyo hiyo laktulosi. Siku ya kwanza ilinijaza gesi tu, mume wangu akahamia sebuleni, lakini siku ya pili nilipata nafuu. Baada ya kujifungua, kwa sababu ya nyuzi nilizoshonwa, walinipa dawa nyingine ya kulainisha choo inayoitwa dokuseti ili nisijikamue. Kwa hiyo anza na laktulosi, ni dawa ya upole.

Mzee wa Njoro
Watu wa siku hizi wanakula chipsi asubuhi na mkate mweupe jioni, kisha wanashangaa tumbo likigoma. Sisi tulilelewa kwa mrenda na githeri, na hakuna aliyejua rangi ya dawa hizo.

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Mzee wangu, kwa heshima, mimi hula ugali na sukuma wiki karibu kila siku. Naomba turudi kwenye swali.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Kabla ya kunywa chochote kingine, nijibu haya. Je, unapitisha hewa? Umetapika? Umeona damu? Tumbo ni gumu na limevimba, au limejaa tu? Na unatumia dawa gani nyingine, zikiwemo za maumivu na za kuongeza damu?

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Hewa inapita, sijatapika, damu hakuna, na tumbo limejaa lakini si gumu. Dawa nyingine situmii, ila zile za kawaida za maumivu.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Za kawaida zipi? Chukua pakiti uniandikie majina yote yaliyo juu yake.

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Imeandikwa parasetamoli na kodeini. Nilianguka na bodaboda nikavunjika mfupa wa mtulinga upande wa kushoto, na nakunywa vidonge viwili asubuhi, mchana na usiku. Sikuitaja kwa sababu ni ya bega, haihusiani na tumbo. Na msiniambie niiache, maana bila hiyo silali.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Inahusiana sana, na ndiyo iliyobadilisha jibu la swali lako. Kodeini hupunguza ile mikazo inayosukuma choo mbele katika utumbo. Choo kinapokaa mahali pamoja, utumbo mpana unaendelea kunyonya maji yake, kwa hiyo kinakuwa kikavu na kigumu kadiri kinavyochelewa. Sasa wewe umekiongezea isabgoli, ambayo kazi yake ni kuvimba kwa maji na kukifanya choo kiwe kingi ili utumbo ushtuke na kusukuma. Utumbo wako umetulizwa na kodeini, haushtuki. Ni sawa na kuongeza magunia kwenye lori ambalo injini yake imezimika.

Unga huo una mahali pake. Humfaa mtu ambaye utumbo wake unatembea vizuri ila chakula chake hakina makapi ya kutosha, mtu anayeweza kusubiri siku mbili au tatu, na anayeunywa kwa glasi nzima ya maji mchana akiwa wima. Wewe unaunywa kwa kikombe cha chai kisha unalala, jambo ambalo hata kwa mtu asiyetumia kodeini linaweza kuufanya ugande njiani. Usinywe tena kwa sasa.

Unachohitaji ni dawa ya kuuamsha utumbo, yaani sena au bisakodili. Bisakodili ya kumeza ni kidonge cha miligramu 5. Mtu mzima humeza kimoja au viwili usiku, na matokeo huja baada ya saa 6 hadi 12. Kimeze kizima, usikitafune, na usikinywe pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia, bali uache saa moja katikati. Kidonge hicho kimefunikwa kwa ganda linalopaswa kuyeyukia utumboni. Likiyeyukia tumboni mapema utapata msokoto na kichefuchefu. Ukihesabu hizo saa utaona kwamba ukimeza kesho unapopanda basi, dawa inaweza kukushika njiani, au Jumamosi asubuhi ukiwa Bungoma. Meza leo.

Dereva wa Kondele
Nesi, nakuheshimu, lakini hizo dawa za kuamsha utumbo ndizo hatari kuliko zote. Ukizitumia hata mara moja utumbo unazoea, na baadaye haufanyi kazi bila kusukumwa. Shangazi yangu alifikia hapo.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Nusu ya maneno yako ni kweli. Anayezimeza kila siku kwa miezi bila kuulizwa kwa nini choo kinafunga anaweza kuharisha, kupoteza maji na madini ya mwili, na kuficha ugonjwa uliohitaji kuchunguzwa. Lakini siku chache za kuondoa mkwamo wenye sababu inayojulikana haziharibu utumbo. Shangazi yako alitumia kwa muda gani?

Dereva wa Kondele
Miaka mingi. Lakini bado siziamini.

Mama Pacha (Kisumu)
Na ile dokuseti niliyopewa mimi je? Hiyo haina msokoto kabisa.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Ni kweli mama, haina msokoto, na kwa mtu mwenye nyuzi au bawasiri ambaye hapaswi kujikamua huwa tunaitoa. Kazi yake ni kuruhusu maji yapenye ndani ya choo. Haisukumi kitu, kwa hiyo ikiwa peke yake kwa mtu wa kodeini utapata choo laini kilichokaa palepale. Binafsi, hata kwa kazi hiyo ya kulainisha sijawahi kuiona ikifanya makubwa.

Fundi Simu (Nakuru)
Wanajukwaa, ninyi mnatibu tu, lakini mimi kisa hiki kinanitia shaka. Mtu aliyevunjika mtulinga anaandikaje aya ndefu zenye koma na nukta mahali pake? Tena, kodeini ya ajali hutolewa ya siku chache, naye anazungumza kama anayo debe nzima. Hapa tumewahi kuona watu wanaoanza na tumbo na kumaliza kwa kututangazia unga. Bwana, ulianguka lini, na hizo dawa zinatoka wapi?

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Naandika kwa kidole gumba cha kulia, mkono wa kushoto uko kwenye kitambaa. Kuhusu koma, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilianguka mwezi uliopita. Hospitali ilinipa dawa za siku tano, zilipoisha nikanunua nyingine katika duka ambalo halikuniuliza karatasi, na nimeendelea. Sioni kosa lolote, maumivu ni yangu.

Fundi Simu (Nakuru)
Hapo sasa umeanza kueleweka, ingawa mwalimu asiyejua kusoma karatasi iliyo ndani ya pakiti bado ananishangaza.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Nashukuru umeuliza, fundi, maana jibu hilo lina uzito. Mwalimu, mtulinga ambao baada ya mwezi bado unahitaji kodeini mara tatu kwa siku unapaswa kuangaliwa upya, pengine haujaunga vizuri. Na kodeini yenyewe, ikinywewa kwa wiki nyingi, mwili huizoea. Usiikate ghafla usiku huu. Ukirudi kutoka Bungoma nenda kliniki ya mifupa, wakupangie namna ya kuipunguza. Ukumbuke pia kwamba ndani yake mna parasetamoli, usiongeze nyingine juu yake.

Sasa niambie jambo moja la mwisho. Unapokaa msalani, unahisi kama kuna kitu kimefika mlangoni na kinakataa kutoka?

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Ndiyo, tangu jana. Na leo kumetoka maji kidogo, nikadhani isabgoli imeanza kufanya kazi.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Hayo ni maji yanayopita pembeni ya choo kigumu, wala si kuharisha. Kwa dalili hiyo ninabadilisha mpangilio: anza kwa kufungua mlango, kisha ndipo usukume kutoka juu, la sivyo kidonge kitakuletea msokoto na njia bado imezibwa. Tafuta bisakodili ya kuweka njia ya haja kubwa, miligramu 10. Lala kwa ubavu na uielekeze iguse ukuta wa utumbo, kwa sababu ukiichomeka katikati ya choo kigumu haitafanya kitu. Mara nyingi hufanya kazi ndani ya saa moja. Ukikosa hiyo, ya glisirini iliyolowanishwa maji kidogo inaweza kusaidia. Choo kikianza kutoka, meza kidonge kimoja cha bisakodili kabla ya kulala. Usipopata kitu, au ukianza kutapika, au hewa ikakoma na tumbo likawa gumu, usimeze kidonge chochote, nenda hospitali usiku huo huo.

Muuza Dawa (Busia)
Nakubaliana na nesi, lakini ningeongeza laktulosi leo leo, mililita 15 mara mbili kwa siku. Huvuta maji hadi kwenye choo, na kwa mtu atakayeendelea na kodeini hufanya kazi vizuri pamoja na bisakodili. Huchukua siku moja au mbili, kwa hiyo akingoja arudi atakuwa amepoteza muda.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Nami ningengoja hadi Jumapili, kwa sababu ya gesi. Mtu huyu atakaa Jumamosi nzima mbele ya wakwe.

Muuza Dawa (Busia)
Wakwe watavumilia. Choo kikikauka tena Jumapili, tutarudi tulikoanzia.

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Ni Ijumaa asubuhi. Ile ya kuweka niliipata karibu na stendi, na kabla saa haijaisha kimetoka kipande kigumu kama jiwe, kwa maumivu na damu kidogo kwenye karatasi. Nilimeza kidonge kimoja, na alfajiri nimepata choo kingi cha kawaida. Laktulosi nimeianza kama alivyosema ndugu wa Busia. Mafuta ya nyonyo nitayabeba kwenye begi kwa tahadhari.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Damu nyekundu kidogo kwenye karatasi baada ya choo kigumu mara nyingi hutokana na mchaniko wa ngozi; ikiendelea au ikichanganyika na choo, ionyeshe kliniki. Mafuta ya nyonyo yaache nyumbani. Hayo nayo huamsha utumbo, tena kwa ukali usiopimika, na tayari una bisakodili mwilini.

Mkazi wa Free Area (Nakuru)
Shemeji ndiye aliyeyaleta, na tunasafiri naye basi moja. Nitayabeba, ila sitayafungua.