Klipu tatu za wanasiasa: ipi ni kejeli, ipi ni kumdanganya mtu?

Kejeli_Kisiwani

Habari za jioni wadau. Tuna ukurasa wa vichekesho hapa Mombasa na tunatengeneza klipu za wanasiasa kwa akili unde. Tunajipanga mapema kwa uchaguzi wa Agosti 2027, na kabla ya kupandisha chochote naomba mtupimie kazi tatu:

1. Rais amevaa aproni, anakaanga mahamri soko la Kongowea. Kanjo anamdai ushuru, naye anajitetea kwa maneno yaleyale ya wachuuzi: "leo sijauza, rudi jioni." Sekunde 40, picha inaonekana halisi kabisa.
2. Ujumbe wa sauti wa dakika moja. Sauti ya waziri, imeigwa barabara, anamwambia rafiki yake kuwa mafuta yatapanda shilingi 15 keshokutwa, "jazeni matangi mapema."
3. Kadi ya nukuu yenye rangi na mpangilio wa kituo kimoja kikubwa cha runinga, picha ya gavana, na maneno tuliyotunga sisi: "Maji ya mfereji ni anasa, watu wazoee visima."

Kote nia ni kuchekesha na kusema yanayowauma watu. Mstari uko wapi?

Juma_Likoni

Andika "hii ni kejeli" kwenye kapsheni, kazi imekwisha. Atakayeamini baada ya hapo ni shauri yake. Wanasiasa wenyewe wanatudanganya kila siku, sisi tuogope nini?

BiMwanaidi

Juma, umesema kweli nusu. Lebo inahitajika, ila kapsheni haisafiri. Mtu akipakua klipu na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kapsheni inabaki nyuma pamoja na jina la ukurasa. Hata alama ya akili unde unayowasha ndani ya TikTok inaweza kubaki hukohuko.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Marekani, Julai 2024. Mtu alitengeneza video iliyofanana na tangazo la kampeni ya Kamala Harris, kwa sauti ya kuigwa, mgombea akijisema vibaya mwenyewe. Kichwa cha mwenye video kilieleza kuwa ni kejeli. Elon Musk akaisambaza bila maelezo hayo, na ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100. Video ni ileile, haikubadilishwa hata sekunde moja. Kilichobadilika ni kwamba maelezo yalikuwa nje ya video, yakaachwa njiani.

Kwa hiyo, Kejeli, kila kazi ipimwe ikiwa imevuliwa nguo zake zote. Ondoa kapsheni, ondoa jina la ukurasa, kata sekunde tano popote katikati, umtumie mtu asiyewajua. Akicheka, imepita. Akiuliza "alisema lini?" au "hii ni ya leo?", imeshindwa, hata kama nyinyi wenyewe mnaiona ni mzaha wa wazi.

Nianze na klipu ya kwanza, maana ina matumaini. Wazo lenyewe ni kejeli safi: mwenye mamlaka anawekwa mahali pa mchuuzi, anaonja ushuru uleule. Hakuna anayeambiwa jambo la kulifanyia kazi. Tatizo ni picha kuwa halisi mno. Nikikata pale kanjo anapomshika mkono, mbele yangu kuna rais anasukumwa na askari sokoni, na hicho kipande kinaweza kuwa habari ya uongo jioni hiyohiyo. Dawa ni kuweka jambo lisilowezekana ndani ya kila fremu, si mwishoni tu. Karai liwe kubwa kama matatu. Kichwa kiwe kikubwa cha kikaragosi. Ama muigeuze yote katuni. The XYZ Show ya Gado, iliyoanza Kenya 2009, ilitumia vikaragosi vya mpira. Kata kipande chochote unachotaka, huwezi kudhani kikaragosi cha mpira ni rais mwenyewe. Umbo lilikuwa ndiyo lebo.

Kejeli_Kisiwani

Shukran Bi. Karai kubwa tumelipenda. Na lebo ndani ya video tuiweke wapi? Tulikuwa na maandishi madogo chini kabisa.

Mhariri_wa_Usiku

Chini usiweke. Kwenye video ya wima, eneo la chini hufunikwa na kapsheni na upande wa kulia hufunikwa na vitufe. Isitoshe, mtu anayetaka kupotosha hukata kwanza kingo. Iweke theluthi ya juu, katikati, ikae mwanzo hadi mwisho. Kwa video ya 1080 kwa 1920, herufi za 60 zinasomeka kwenye simu ndogo. Kwa programu ya ffmpeg, amri ni hii:

```
ffmpeg -i mahamri.mp4 -vf "drawtext=text='KEJELI - TUKIO LA KUBUNI':fontsize=60:fontcolor=white:box=1:boxcolor=black@0.6:boxborderw=16:x=(w-text_w)/2:y=h*0.14" -c:a copy mahamri_lebo.mp4
```

Ikilalamika kuhusu fonti, ongeza `fontfile=` na njia ya faili la fonti lililo kwenye kompyuta yako. Na usitegemee taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha. WhatsApp inapobana picha huziondoa, na skrinshoti haizibebi kabisa.

Fundi_Cheni

Mimi nauza simu. Nimetengeneza bango la mwanamuziki maarufu ameshika simu za dukani kwangu, wateja wanacheka sana. Hapo nipo salama kwa sababu ni mzaha?

BiMwanaidi

Fundi, hilo si swali la mwenye uzi, ila nikujibu. Hapo humkejeli mtu, unauza kwa sura yake. Mahakama za Kenya zimeshawapa watu fidia kwa picha zao kutumika kwenye matangazo bila idhini. Liondoe bango, au mtafute mwenyewe mwelewane.

Narudi kwenye klipu ya pili. Hiyo msiichapishe, wala msijaribu kuirekebisha kwa lebo. Angalieni ilivyojengwa. Sauti haina sura, kwa hiyo hakuna pa kuweka karai kubwa. Maneno yanawezekana kabisa: EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo "keshokutwa" ikisikika tarehe 12 inaingia sawasawa kwenye kalenda ya kweli. Kisha inamwambia msikilizaji afanye jambo, tena haraka. Mtu wa bodaboda atakopa ajaze tangi, mwingine atabeba mafuta kwa madumu na kuyalaza nyumbani. Na kichekesho chenyewe kiko wapi? Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, sikioni. Mkisema "watu walivyoamini ndiyo raha yenyewe", basi mmeshatoka kwenye kejeli.

Januari 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa mchujo New Hampshire, wapigakura walipigiwa simu yenye sauti ya Biden ya kuigwa ikiwashawishi wasiende kupiga kura. Aliyepanga simu zile alitozwa dola milioni 6 na tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC. Muundo ni uleule: sauti tupu, jambo linaloaminika, agizo, na muda mfupi wa kuthibitisha.

Juma_Likoni

Sawa, hiyo ya mafuta nakubali ni hatari. Ila ya tatu? Gavana hajasema hayo, lakini ndivyo anavyotenda. Ni ukweli kwa njia nyingine.

BiMwanaidi

Ukweli wa jambo haukupi ruhusa ya kutunga nukuu. Kadi hiyo ina makosa mawili kwa pamoja. Imevaa sare ya chombo cha habari ambacho hakijaripoti kitu, na maneno yake gavana yeyote aliyekasirika angeweza kuyatamka. Ukikuza maneno kidogo tu, unapata uongo unaoaminika. Kuza mpaka yasiweze kutamkwa na mtu: "Kuanzia Jumatatu, kila nyumba itapewa picha rasmi ya maji, isainiwe na kutundikwa jikoni." Kisha tengenezeni sura yenu wenyewe ya kadi, rangi zenu, jina la kituo cha kubuni. Msiazime nembo, fonti wala utepe wa mtu.

Wakili_Mtazamaji

Niongeze la sheria, kwa ufupi. Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 22 kama kilivyoandikwa, kinamlenga anayechapisha data ya uongo akikusudia ichukuliwe au ifanyiwe kazi kama ya kweli. Faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Kwa kigezo hicho kejeli iliyo wazi ina pa kusimama. Kifungu cha 23 ni kipana zaidi, kinagusa hata habari ya uongo inayoweza kumchafulia mtu jina, na kifungo chake kinafika miaka 10. Vifungu hivi vimepingwa mahakamani tangu mwaka uleule wa 2018, kwa hiyo muulizeni wakili hali yake siku mnayochapisha.

Mtanga_Halisi

Wakuu, kumbukeni klipu haijui mpaka. Huku Tanzania, kifungu cha 16 cha sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 hakiishii kwenye kudanganya umma. Nia ya kukashifu au kutukana nayo imo, na adhabu huanzia shilingi milioni 5 au miaka 3 jela. Yaani hata kama hakuna aliyedanganyika, unaweza kuitwa. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alipandisha picha alizobadilishana sura na Rais Magufuli, kwenye siku ya kuzaliwa ya rais. Nani angedhani ni picha za kweli? Bado alihojiwa na polisi.

Mhariri_wa_Usiku

Na Kenya mwisho wa 2024, zilipozagaa picha za rais ndani ya jeneza, vijana kadhaa waliokuwa wakimkosoa mtandaoni walitekwa, wengine wakaachiwa Januari 2025. Waliowateka ndio waliovunja sheria, hilo lisichanganywe na mjadala wetu. Ila kama mtengenezaji, mimi natenganisha jeneza la kuchorwa, ambalo kila mtu anajua ni ishara ya kisiasa, na picha ya maiti inayoonekana ya kweli, ambayo inaweza kuanzisha uvumi wa kifo.

BiMwanaidi

Hapo tunaachana kidogo. Mimi hata la kuchorwa nisingeligusa, maana linamlenga mtu kuliko anachokitenda. Ila sitaliita udanganyifu, kwa sababu halimdanganyi yeyote. La picha za utupu za viongozi, hasa wanawake, hilo sina mjadala nalo: hakuna kejeli ndani yake.

Kejeli_Kisiwani

Nimewaelewa. Ya pili tumeifuta, ya tatu tunaiandika upya, ya kwanza inarudi jikoni. Bado swali moja: sauti ya kuigwa ndani ya katuni, rais wa kuchorwa lakini anasikika kama yeye mwenyewe. Inafaa?

Mhariri_wa_Usiku

Mimi nakataa. Mtu atatoa sauti kwenye video kwa dakika moja na mmerudi kwenye klipu ya pili. Tafuteni mwigizaji wa kuiga sauti. Anaongeza chumvi, na hapohapo sikio linajua si mwenyewe.

BiMwanaidi

Mimi ningeikubali kama maneno yenyewe hayawezekani na lebo inatamkwa kwa sauti, mwanzo na mwisho. Sheria ya California iliyotiwa saini baada ya ile video ya Harris ilitaka maandishi ya lebo yasiwe madogo kuliko maandishi mengine makubwa ya video. Oktoba 2024 hakimu akasimamisha sehemu yake kubwa, akiona lebo ya namna hiyo ingejaza skrini nzima na kuua mzaha. Lakini sharti la kutangaza kwenye sauti tupu aliliacha wakati ule. Ila hoja ya Mhariri kuhusu kutoa sauti sina jibu lake kamili. Tangazo la mwanzo na mwisho hukatwa kwa sekunde mbili.