Laki nane na nusu: PS, kompyuta ya gemu au kile cha kushika mkononi?

kinda_wa_tandika
Wakuu habari za jioni. Nina laki nane na nusu mkononi, nataka kununua kifaa changu cha kwanza cha gemu. Sijawahi kumiliki hata kimoja, nimekuwa nikicheza vibandani na kwa washkaji tu. Nimebaki njia panda: PS4 ya mtumba, kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, au Switch Lite. Wapo wanaoniambia pia nijikaze nitafute Steam Deck. Jumamosi nashuka Kariakoo, naombeni ushauri kabla pesa haijapata matumizi mengine.

mzee_wa_pedi
PS4 Slim, funga mjadala. Unachomeka, unacheza.

fundi_sakiti
Mkuu, hujatuambia mambo ya msingi. Unacheza gemu gani? TV unayo, ni ya aina gani? Intaneti ya nyumbani unayo au unaunga bando kwenye simu? Unacheza peke yako au na watu sebuleni? Bila majibu hayo kila mtu atakutajia kile anachokipenda yeye.

chalii_kompyuta
Chukua kompyuta. Core i7, RAM 16, inacheza kila kitu, na ukitaka kufanya kazi unafanya. PS unafanyia nini zaidi ya gemu?

mama_wawili
Mimi nina Switch Lite nimewanunulia wanangu. Wanaipenda, inakaa na chaji saa tatu hadi saba kulingana na gemu, umeme ukikatika wanaendelea. Ila hao wawili wanagombana maana skrini ni moja na ndogo, na Lite haiungi kwenye TV kabisa. Muuzaji aliniambia nitanunua waya tu, nikaununua, haukufanya kitu. Kama unataka ya kuunga TV ni ile Switch kubwa yenye kituo chake. CD zake, vile vikadi, ni vichache mjini na bei yake haishuki.

kinda_wa_tandika
Samahani fundi, haya majibu. Napenda mpira zaidi, FC na eFootball, halafu GTA. Tunakaa wanne, tunacheza wawili wawili. Intaneti ni bando la simu. TV ni ya chogo, ile ya zamani.

fundi_sakiti
Hapo kwenye chogo ndipo penye jambo. PS4 ina tundu moja tu la picha, HDMI. TV ya chogo inapokea zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Kuna kiboksi cha kubadilisha HDMI kwenda AV, ni cha bei ndogo na kinafanya kazi, lakini maandishi yatakuwa ukungu. Kwenye FC hutasoma majina ya wachezaji, na muda na matokeo pale juu kwenye kona utavisoma kwa kukisia. Kwa hiyo bajeti yako ya kifaa si laki nane na nusu. Toa kwanza TV ya inchi 32 au monita ya mtumba yenye HDMI. Ukichukua monita, angalia kama ina spika au tundu la hedifoni, nyingi za maofisini hazina sauti.

Kuhusu mengine, nianze na Steam Deck ili tuiondoe mezani. Kwanza inazidi pesa yako. Pili, kwa mtu wa mpira haifai: FC za karibuni zina ulinzi wa EA dhidi ya wadanganyifu ambao haukubali kwenye mfumo wa SteamOS unaokuja na kifaa. Utanunua gemu na haitafunguka mpaka uweke Windows, na hiyo ni kazi nyingine.

mzee_wa_pedi
Si nilisema PS4.

chalii_kompyuta
Fundi, kwa kompyuta FC asicheze kwa nini? i7 inatosha.

fundi_sakiti
i7 peke yake haitoshi, chalii. Upo sahihi kwenye RAM na kwenye matumizi mengine, ila gemu inachorwa na kadi ya picha. FC 25 kiwango cha chini ni i5-6600K, RAM 8 na GTX 1050 Ti. Sasa zile kompyuta za maofisini zilizojaa Kariakoo, Dell OptiPlex nyembamba kwa mfano, zina pawa saplai ya wati 180 hivi na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Lazima upate kadi fupi inayokula kwenye sloti tu, isiyozidi wati 75. Ya uhakika ni GTX 1650 fupi au 1050 Ti fupi. Ukiinunua kubwa kwa sababu ni ya bei nafuu, boksi halifungi na umeme hautoshi. Na FC 26 inataka Secure Boot iwe imewashwa, jambo ambalo kwenye mashine ya zamani linaweza kukupa kazi.

binti_wa_ukonga
Nisimulie lililonikuta kwenye hizo kadi, labda litamsaidia kijana.

Nilinunua mashine iliyokamilika kwenye duka moja mjini. Karatasi imeandikwa GTX 1050 Ti 4GB, na Windows nayo inasoma hivyo hivyo, GTX 1050 Ti. Muuzaji akanifungulia gemu nyepesi pale pale, ikaenda vizuri, nikalipa. Nyumbani nikaweka draiva kutoka kwa Nvidia wenyewe, skrini ikawa nyeusi. Nikaiondoa, nikaweka tena, nyeusi. Nikiacha draiva aliyoiweka yeye inawaka, lakini GTA V inakwenda kwa kukatakata hata nikishusha kila kitu chini.

Kaka mmoja wa mtaani akaja, hata programu hakufungua kwanza. Akaangalia nyuma ya kadi, akaona tundu la VGA, lile la buluu lenye matundu madogo kumi na matano kwa mistari mitatu. Akaniambia 1050 Ti halisi haitoi VGA, Nvidia waliacha kutoa picha ya analogi kwenye kizazi hicho. Ndipo akaweka GPU-Z, na jina la kadi likatokea limeanza na `[FAKE]`. Ndani ilikuwa kadi ya zamani sana iliyobadilishwa jina kwenye BIOS yake. Niliporudi dukani nikaambiwa garantii ni ya siku saba na kwamba nimeichezea mwenyewe. Pesa ikapotea hivyo. Wanajua wanachokifanya, na wanamfanyia kila asiyejua.

Kwa hiyo kinda, ukienda njia ya kompyuta, beba GPU-Z kwenye flashi, na usitoe shilingi kabla hujaifungua. Na angalia nyuma.

chalii_kompyuta
Pole dada. Hiyo ya VGA sikuijua.

kinda_wa_tandika
Dah, pole sana dada. Hapo nimeanza kuogopa kompyuta.

mkurugenzi_kibanda
Mimi nina kibanda Mbagala na ninakushauri uchukue PS4 mbili na TV mbili kwa mkopo, zinajilipa. Wateja wanapenda FC, GTA hawalipi vizuri kwa sababu mtu anakaa saa nzima anaendesha gari tu. Epuka pedi za bandia, zinakufa mapema.

fundi_sakiti
Mkurugenzi, kijana hafungui biashara, anacheza nyumbani.

mkurugenzi_kibanda
Sawa, lakini akichoka ana mtaji.

mzee_wa_pedi
Turudi kwenye CD. Hiki ndicho watu wanasahau. Mwenye bando la simu hawezi kupakua gemu la GB 50 kila mara. PS4 unanunua CD ya mtumba, ukiimaliza unabadilishana au unauza. Kwenye kompyuta hata ukinunua boksi la FC, ndani ni namba ya kupakulia tu. Xbox Series S nayo nzuri lakini haina sehemu ya CD, kila kitu cha kupakua.

chalii_kompyuta
Lakini kompyuta onlaini ni bure. PS4 ukitaka kucheza FC onlaini unalipia PS Plus. Na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, unafungua akaunti ya nchi nyingine na kutafuta vocha za nchi hiyo hiyo.

mzee_wa_pedi
Kweli, ila eFootball ni ya bure na haitaki PS Plus. Na wanacheza sebuleni wawili wawili, onlaini ya nini?

binti_wa_ukonga
Na asinunue PS4 iliyochakachuliwa ikajazwa gemu bure. Ukiizima kabisa, au TANESCO wakiizima, uchakachuaji unaondoka na unaanza upya. Onlaini nayo usahau.

mama_wawili
Umeme je? Mimi nipo kwenye ile ya uniti 75, naogopa kuongeza kitu.

fundi_sakiti
Hesabu ya kukadiria, mama. PS4 Slim ikicheza inakula kama wati 85, TV ya LED inchi 32 kama 45, jumla 130. Saa tatu kwa siku ni uniti 0.4 hivi, mwezi uniti 12. Kwa bei ya kawaida ya kama 356 kwa uniti, ni shilingi 4,300 hivi. Si kitu. Ila aliye kwenye D1 na tayari anatumia uniti 70, hizo 12 zinamvusha 75, na huko juu uniti ni ghali.

mkurugenzi_kibanda
Ukivuka wanakutoa kabisa kwenye bei nafuu, mwezi huo huo.

mama_wawili
Si kweli, jirani yangu alivuka na hajatolewa.

mkurugenzi_kibanda
Mimi walinitoa.

kinda_wa_tandika
Nimepanga hivi: TV kwanza, iliyobaki PS4 Slim. Nikifika dukani niangalie nini?

fundi_sakiti
Nenda na CD yako uliyoazima. Iingize, itoe, iingize tena mara kadhaa, cheza nusu saa nzima. Feni ikipiga kelele kama genereta, ndani ni vumbi na pesti imekauka, hilo linatengenezeka, mwambie akupunguzie bei. Ikizima ghafla au ikikupa kosa la CE-34878-0 mara kwa mara kwenye gemu tofauti, acha. Ikikuambia CE-34335-8, diski ya ndani ya kuhifadhia haisomeki. Unganisha intaneti ya simu yako, ingia PSN kwa akaunti yako, maana PS iliyofungiwa na Sony utaijua hapo tu. Na kama ni zile nene za mwanzo, usikubali iliyobadilishwa sakiti ya CD. Ile sakiti imefungamana na mamabodi yake, ya mashine nyingine haisomi gemu.

chalii_kompyuta
Bado nasema subiri miezi miwili, ongeza pesa, chukua kompyuta yenye kesi kubwa.

mzee_wa_pedi
Miezi miwili anaangalia chogo?

mama_wawili
Jamani pedi ya Switch inajisogeza yenyewe, mchezaji anatembea bila kuguswa. Inatengenezeka?

fundi_sakiti
Kwenye Lite pedi ni sehemu ya mwili, lazima ifunguliwe yote. Kifaa cha ndani kinauzwa na kinachomekwa kwa waya mwembamba wa bapa, hakuna kusolda. Usiruhusu fundi aguse kufuli la waya huo kwa bisibisi, likivunjika kazi imeongezeka.

mkurugenzi_kibanda
Na za PS4 je? Nina sita zimekaa kwenye mfuko.