Barua ya kuomba mtoto avae visikizi darasani: visikizi peke yake, au pamoja na simu mezani kwa mwalimu?

mama_kihonda
Habari za jioni wadau. Naandika barua kwa Mkuu wa Shule, kijana wangu aruhusiwe kuvaa visikizi visivyo na waya vya kumsaidia kusikia vipindini. Nimekwama kwenye njia mbili. Niombe avae visikizi tu, vyenyewe vikuze sauti? Au niombe na simu ikae mbele kwa mwalimu, iokote sauti na kumrushia? Au niachane na hayo nitafute shimesikio? Barua inatakiwa Jumatatu.

fundi_masikio
Dada, hapo hujatupa kitu cha kushika. Ana miaka mingapi? Odiogramu, ile karatasi ya vipimo vya usikivu, inasemaje, sikio moja moja? Visikizi ni vya aina gani? Darasa lina wanafunzi wangapi, na yeye anakaa safu ya ngapi?

mzee_wa_besi
Kwa bei ya kawaida chukua vile vyenye kesi nyeusi, besi yake inagonga hadi kifuani na chaji haiishi.

mama_kihonda
Mzee wangu, si vya muziki. Fundi: ana miaka 14, Kidato cha Pili, shule ya kutwa. Odiogramu ni ya mwaka juzi, masikio yote mawili yako karibu sawa: desibeli 30 kwenye hezi 500, 35 kwenye 1000, 45 kwenye 2000, 60 kwenye 4000. Visikizi ni AirPods Pro 2, mjomba wake kaleta pamoja na iPhone yake ya zamani. Wako 58, anakaa safu ya tano.

mdau_tandale
Basi kazi imekwisha. AirPods Pro 2 ziliidhinishwa Marekani mwaka 2024 kama shimesikio. Andika hivyo hivyo, mkuu hawezi kupinga kifaa cha tiba.

fundi_masikio
Nusu yake ni kweli, mkuu. Idhini ile ni ya watu wa miaka 18 na kuendelea, wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Mtoto wa miaka 14 hayumo. Mama akiandika "kifaa cha tiba" na mwalimu mmoja akasoma kwenye mtandao, barua nzima inaonekana ya ujanja. Aandike "msaada wa kusikia wakati tunasubiri kupimwa upya". Hilo ni kweli na halimfungi.

Sasa njia mbili. Wastani wa namba zake ni kama 42, ndiyo maana watu wanasema "tatizo lake ni dogo tu". Lakini tazama 4000, iko 60. Huko ndiko ziliko s, f na sh. Kwake "fika", "sika" na "shika" ni neno moja, anabahatisha kwa midomo ya mwalimu. Mwalimu akigeukia ubao, midomo imeondoka.

Mwalimu anayepaza sauti kidogo hutoa kama desibeli 65 ukiwa mita moja. Kila umbali ukizidi maradufu zinapungua kama 6. Safu ya tano tuseme ni mita sita: zinamfikia kama 50. Darasa la watu 58, madawati yakiburuzwa, kelele ni kama 55. Yaani sauti ya mwalimu imezama chini ya kelele, na visikizi peke yake vinakuza vyote viwili kwa pamoja. Ukuta wa ndani unarudisha sauti kidogo, lakini inarudi imevurugika. Simu ikiwa nusu mita kutoka mdomoni inaokota kama 71, yaani 16 juu ya kelele. Darasani tunatafuta 15. Kwa hiyo kinachomsaidia hasa ni maikrofoni iliyo karibu na mdomo wa mwalimu, na barua iombe hiyo.

mwl_kidato
Nakubali hesabu, ila mnasahau nani anaishika simu. Kuna shule moja ilimruhusu mwanafunzi kwa barua ya mistari minne, simu ikawekwa mezani. Siku ya kwanza ilipigwa katikati ya kipindi cha Hisabati, maana laini ilikuwa bado imo. Wakaitoa laini. Wiki iliyofuata mwalimu wa Baiolojia akaitia mfukoni mwa shati, na mtoto akashinda akisikia kitambaa kikisugua, kwaa-kwaa-kwaa, akaanza kuvivua. Kisha mwalimu mmoja akatoka nayo hadi nje ya ofisi ya walimu bila kuizima, mtoto akawa anasikiliza mazungumzo ambayo hayakumhusu mpaka mwalimu alipokwenda mbali. Aliposimulia wenzake, kikao kiliitwa na ruhusa ikafutwa. Barua haikusema nani anawasha, nani anazima wala inakaa wapi kipindi kikibadilika.

mdau_tandale
Sasa hapo kosa ni la mtoto kusimulia.

mwl_kidato
Kosa ni la barua.

otieno_ksm
Huku Kenya mtoto hupelekwa kwanza EARC, kituo cha kupima mahitaji ya watoto kielimu, ripoti yao ndiyo mwalimu mkuu huiheshimu kuliko barua ya mzazi. Na mbona msiombe tu akae safu ya kwanza? Bure kabisa.

fundi_masikio
Safu ya kwanza iombwe pia, hata kama simu ikikubaliwa. Haitoshi peke yake kwa sababu mwalimu hutembea, na wenzake wakijibu maswali wako nyuma yake.

Mama, chukua hii uirekebishe:

> YAH: MAOMBI YA MWANAFUNZI KUTUMIA VISIKIZI VYA KUMSAIDIA KUSIKIA VIPINDINI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa ……, Kidato cha Pili …… Mwanangu ana upungufu wa usikivu masikio yote mawili, kama nakala ya odiogramu iliyoambatishwa inavyoonesha. Tunasubiri kupimwa upya.
>
> Naomba avae visikizi wakati wa vipindi tu, akae safu ya kwanza, na simu itakayookota sauti ikae juu ya meza ya mwalimu. Simu haina laini, iko kwenye hali ya ndege na blututhi pekee ndiyo imewashwa. Nywila yake ninayo mimi. Kiranja ataipokea ofisi ya taaluma asubuhi na kuirudisha mwisho wa masomo. Mwalimu akitoka darasani anaiacha mezani.
>
> Naomba yawe majaribio ya wiki mbili, kisha tukutane kutazama matokeo.

Kwenye simu: ongeza Hearing kwenye Control Center. Darasani unagusa alama ya sikio, kisha Live Listen. Chaji ya visikizi ni kama saa sita, siku ya masomo ni ndefu kuliko hapo, kwa hiyo wakati wa mapumziko virudi kwenye kesi yake. Dakika tano zinatoa kama saa moja.

mwl_kidato
Kiranja sikubali. Simu ikipotea, mzazi wa kiranja anaitwa. Mwalimu wa darasa aibebe.

fundi_masikio
Mwalimu wa darasa hayupo kila kipindi, mwalimu.

mwl_kidato
Basi ifungiwe kwenye droo ya meza kati ya kipindi na kipindi.

otieno_ksm
Meza ya mwalimu yenye droo inayofungwa, shule gani hiyo?

dada_masjala
Mama, pitishia kwa mwalimu wa darasa kwanza, asaini kwamba ameiona. Na chumba cha mtihani usikitaje kwenye barua hii. Kwa upimaji wa Novemba andika nyingine mapema, uombe maelekezo ya msimamizi yaandikwe ubaoni. Ukichanganya mambo mawili, barua inapelekwa juu na kukaa huko.

mama_kihonda
Asanteni sana. Kuna jambo sikusema: sikio la kushoto hutoa usaha kila mvua zikianza.

fundi_masikio
Dada! Hilo ndilo lilipaswa kuja kwanza. Sikio linalotoa usaha lisizibwe na kisikizi, linahitaji hewa na daktari wa masikio. Na kama ngoma imetoboka, zile namba za mwaka juzi huenda zimebadilika. Anatoa usaha sasa hivi?

mama_kihonda
Limekauka wiki ya pili hii. Je, barua niipeleke Jumatatu au nisubiri daktari?

mdau_tandale
Peleka. Barua haina usaha.

mwl_kidato
Subiri, mama. Wakikuuliza sikio lipi utajibu nini?

dada_masjala
Peleka, uandike kisikizi cha kulia tu kwa sasa. Fundi, kimoja kinafanya kazi peke yake?

fundi_masikio
Kinafanya. Lakini hapo atasikia upande mmoja, na mimi sijaona ngoma yake.